Maelezo kwa Kamati ya Umeme ya Kijiji: bei ya yuniti na kiwango cha chini cha ununuzi katika mkataba wa sola

(Yasomwe kwenye kikao cha Jumamosi, kabla ya mkataba kupelekwa Mkutano Mkuu wa Kijiji)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mtendaji, wazee wangu na mama zangu wajumbe, shikamooni.

Mlinitumia nakala mbili za mkataba, ya Kiingereza na ya Kiswahili, mkaniomba nieleze vifungu vya bei. Nimezisoma zote mbili sambamba, kifungu kwa kifungu, usiku tatu mfululizo. Namwomba Mtendaji asome taratibu, na penye hesabu arudie mara mbili.

Naanza na jambo lililonifanya nisilale. Kwenye mkutano uliopita mlibishana karibu siku nzima juu ya bei ya yuniti, kama iwe shilingi 700 au ishuke hadi 650. Ubishi huo ulikuwa wa haki. Lakini bei ambayo kijiji kitalipa kwa kweli haiko kwenye kifungu cha 5 mlichobishania. Iko kwenye kifungu cha 6.2, ambacho kwa maelezo ya Mtendaji kilisomwa mara moja tu na kupitwa.

Kwa Kiswahili kimeandikwa hivi: "Kijiji kinaweza kununua kiasi cha chini cha yuniti 900 kwa mwezi, na upungufu utalipwa kwa bei iliyopo."

Neno "kinaweza" ni kosa la mfasiri. Kwenye nakala ya Kiingereza neno lililopo ni la lazima. Kifungu cha 14 kinasema nakala mbili zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kwa hiyo kisomeni hivi: kila mwezi kijiji kitalipia yuniti 900, zitumike zisitumike. Tukitumia 1,000, tunalipia 1,000. Tukitumia 500, tunalipia 500 tulizotumia na 400 ambazo hazikuwasha hata taa moja.

Sisemi kampuni imekuja kutuibia. Mtambo wa kilowati 60 na betri zake umenunuliwa kwa mkopo, na mwenye mkopo anataka rejesho lake kila mwezi, jua liwake lisiwake, dagaa wawepo wasiwepo. Kiwango cha chini ndiyo dhamana yake. Jambo la kupima ni ukubwa wa dhamana hiyo, na nani anaibeba.

Sasa tuhesabu. Mhudumu wa maji alininakilia saa za pampu kutoka kwenye daftari lake la dizeli. Pampu ya umeme inayopendekezwa ni ya kilowati 3. Kiangazi itafanya kazi saa 5 kwa siku, maana yake yuniti 15 kwa siku, au 450 kwa mwezi. Masika watu wanakinga maji ya mapaa, na daftari linaonyesha saa zinashuka hadi 2 na nusu: yuniti 225 kwa mwezi. Zahanati, kwa jokofu la chanjo, taa na hadubini, nimeikadiria yuniti 170. Shule na ofisi ya kijiji 125.

Kiangazi jumla ni 745. Masika ni 520.

Naomba mziangalie namba hizo mbili vizuri. Hata mwezi ule tunaotumia sana, hatufiki 900. Hakuna mwezi katika mwaka ambao kijiji hakitalipia hewa.

Mwezi wa masika, kati ya yuniti 520, takriban 420 ni za mchana kwa shilingi 700, ambazo ni 294,000. Zilizobaki 100 ni za usiku kwa shilingi 1,100, ambazo ni 110,000. Matumizi yetu halisi ni shilingi 404,000. Upungufu ni yuniti 380. "Bei iliyopo" ni ipi, ya mchana au ya usiku? Mkataba haujasema. Kwa bei ya mchana upungufu ni 266,000, kwa bei ya usiku ni 418,000. Neno moja lililoachwa wazi lina thamani ya shilingi 152,000 kwa mwezi.

Mkilipa kwa bei nafuu, bili yote ni 670,000. Gawanyeni kwa yuniti 520 tulizotumia: kila yuniti imetugharimu karibu shilingi 1,288. Wakidai kwa bei ya usiku, inakuwa karibu 1,581. Ile shilingi 50 mliyoigombania mkutanoni imemezwa na kifungu cha mistari miwili.

Kuna la pili ndani ya kifungu hicho hicho. Nakala ya Kiingereza inasema malipo ni "bila kujali sababu yoyote", na maneno hayo hayamo kabisa kwenye nakala ya Kiswahili. Betri zikifa siku 10, na tukakaa gizani siku hizo zote, bado tutadaiwa yuniti 900 kamili. Hilo msilikubali hata kidogo. Mtu halipii nauli ya mtumbwi uliozamia mwaloni.

La tatu linahusu nani hasa anafunga mkataba. Anayesaini ni Halmashauri ya Kijiji. Lakini zahanati na shule ni za Halmashauri ya Wilaya, na pampu iko chini ya chombo cha watoa huduma ya maji kinachosimamiwa na RUWASA. Kijiji kinaahidi kulipia umeme utakaotumiwa na watu ambao bajeti zao hakizishiki. Wilaya ikichelewesha fedha za zahanati, kampuni haitaenda wilayani. Itakuja ofisini kwetu, na pesa pekee tuliyo nayo ni ushuru. Kila taasisi isaini karatasi yake, kwa kiwango chake, na kijiji kibaki na kile cha ofisi na taa za mwaloni.

Sasa nirudi kwenye bei yenyewe. Bei za mchana na usiku zinatofautiana kwa sababu ya kweli: mchana umeme unatoka kwenye paneli moja kwa moja, usiku unatoka kwenye betri, na betri ndiyo kitu ghali kinachochakaa. Hilo ni sawa. Tatizo ni saa. Nakala ya Kiswahili imeandika kwamba bei ya mchana ni "kuanzia saa 9 hadi saa 16". Mfasiri ameinakili saa ya Kizungu kama ilivyo. Kwetu saa 9 ni alasiri. Mwenye mashine ya kusaga akiamini maandishi hayo, atangoja hadi saa 9 alasiri ndipo awashe, na saa 10 tu bei inapanda hadi 1,100 huku nusu ya magunia bado yako kwenye foleni. Iandikwe: kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Na saa hizo zibandikwe kwa maandishi makubwa ukutani mashineni.

Mzee mmoja aliuliza mbona TANESCO wanauza yuniti shilingi 100 na sisi tunaambiwa 700. Bei ile ya 100 ni ya mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, na wateja wakubwa wa gridi ya taifa husaidia kuibeba. Gridi ina mabwawa na gesi na wateja nchi nzima. Mtambo wetu una kaya zetu tu na betri zake. Bei yetu haiwezi kufika pale, lakini hiyo si sababu ya kukubali kila kilichoandikwa. EWURA ndiyo mdhibiti wa bei za umeme, na kampuni itoe kwa maandishi msimamo wa EWURA juu ya bei hii kabla hatujasaini, si baada.

Kifungu cha 5.4 kinaifunga bei kwenye dola. Mfano: ikiwa siku ya kusaini dola ni shilingi 2,500, kisha ikafika 2,750, bei inapanda kwa asilimia 10, na 700 inakuwa 770. Dola ikishuka je? Kifungu kinasema bei "itapandishwa". Hakuna mahali kinaposema itashushwa. Pia si gharama zote za mtambo ni za dola: mlinzi, fundi na mkusanya pesa wanalipwa kwa shilingi. Mimi ningekubali nusu tu ya bei ifuate dola, kupanda na kushuka, mara moja kwa mwaka, na tangazo la siku 60 lisomwe kwenye mkutano wa kijiji.

Kodi na ada ya huduma ya kila mwezi ziandikwe kuwa zimo ndani ya bei au ziko nje. Sasa hivi hazijatajwa. Na gridi ya taifa ikifika kijijini, kiwango cha chini kife siku hiyo hiyo.

Haya ndiyo maneno ninayoomba kamati iyapeleke mezani badala ya kifungu cha 6.2:

"Taasisi zilizotajwa kwenye Jedwali zitanunua kwa pamoja si chini ya yuniti 4,800 kwa mwaka wa kwanza, na yuniti 6,000 kwa kila mwaka unaofuata. Hesabu itafungwa mara moja kila mwisho wa mwaka. Kwa kila siku ambayo umeme haukupatikana kwa zaidi ya saa 4, kiwango hicho kitapunguzwa kwa sehemu ya siku hiyo. Upungufu utalipwa kwa bei ya mchana, na yuniti zilizolipiwa bila kutumika zitawekwa kama akiba ya taasisi kwa mwaka unaofuata. Kila taasisi itawajibika kwa sehemu yake peke yake."

Nimeweka mwaka badala ya mwezi ili kiangazi kiibebe masika. Yuniti 4,800 ni wastani wa 400 kwa mwezi, na kwa makadirio yangu tunazivuka hata mwaka mbaya. Kampuni inapata uhakika wake, nasi hatulipii hewa. Wakikataa 6,000 wakataka 6,500, zungumzeni. Wakikataa kupunguza siku za giza, msisaini, hata kama nguzo zimeshashushwa mwaloni.

Kifungu cha 14 nacho kigeuzwe: nakala ya Kiswahili, ikishasahihishwa na kusomwa mbele ya mkutano, iwe na nguvu sawa na ya Kiingereza, na penye utata isomwe kwa faida ya kijiji ambacho hakikuuandika mkataba huu.

Nitapanda kivuko cha Ijumaa kuja Nansio na kulala kwa mama mdogo, Jumamosi asubuhi niko nanyi. Makadirio yangu ya zahanati na shule hayana daftari nyuma yake kama lile la pampu. Namwomba mganga wa zamu na mwalimu mkuu waje na orodha ya kila kitu watakachochomeka, pamoja na saa kinachowashwa na saa kinachozimwa, tukae nazo kabla ya watu wa kampuni hawajafika.