Yah: Nauli ya ndege kwa usaili wa Alhamisi, nafasi ya Afisa Ununuzi

Ndugu Meneja wa Rasilimali Watu,

Habari za jioni. Nashukuru kwa mwaliko wa usaili nilioupata leo Jumatatu saa kumi jioni. Alhamisi saa tatu asubuhi niko tayari, ila kuna suala la nauli ambalo naomba tulimalize kabla sijakata tiketi.

Kwa basi ni safari ya siku moja na nusu. Ili niwahi ingebidi niondoke kesho usiku, na Jumatano mchana nina zamu ninapofanya kazi sasa. Siwezi kuiacha kwa taarifa ya ghafla namna hii. Imebaki ndege ya Jumatano jioni. Viti vya bei nafuu vimekwisha, na vilivyobaki ni karibu mara mbili ya bei ya ndege hiyohiyo wiki ijayo. Nimeambatisha picha za skrini za bei zote mbili mjionee.

Kwa kuwa mwaliko haukutaja gharama za safari, naomba ofisi inilipie tiketi ya kwenda na kurudi, daraja la kawaida, bila mzigo wa kupakia. Malazi na teksi ni juu yangu. Nina ndugu wa kunipokea usiku huo.

Mnaweza kuikata tiketi wenyewe, au niikate mimi kisha mnirudishie. Ikiwa ni hili la pili, naomba jibu fupi la maandishi linaloonyesha kiwango cha juu mtakacholipa, risiti nimkabidhi nani, fedha zitarudi lini, na kwamba nitarudishiwa hata nisipopata kazi. Mniwie radhi kwa kudai maandishi, lakini mtu anayeomba kazi ya ununuzi hawezi kuanza kwa kununua kwanza na kutafuta kibali baadaye.

Nafasi nimeishikilia bila kulipa, nayo itajifuta yenyewe kesho Jumanne saa sita mchana. Nikipata jibu kabla ya saa tano nitashukuru sana. Mkiikata wenyewe, tafadhali fuateni jina lililo kwenye nakala ya pasipoti niliyoambatisha, si lile la kwenye wasifu wangu. Kule sikuandika jina la kati, na uwanjani wanaweza kunizuia kwa hilo tu.

Kama bajeti hairuhusu, niko tayari kusailiwa kwa video siku hiyohiyo na saa ileile. Au usaili ukisogezwa hadi Alhamisi ya wiki ijayo, nauli nitajilipia mwenyewe, kwa sababu kwa bei ile naimudu.

Kesho asubuhi simu yangu itakuwa wazi kuanzia saa mbili, kwa namba ileile iliyo kwenye wasifu.

Wako mtiifu,
Rehema Juma

Viambatisho: picha 2 za bei za tiketi, nakala ya pasipoti