Andalio la Somo la Dakika 40: Kutenganisha Mchanganyiko wa Chumvi, Mchanga na Maji

Mwalimu Rehema, picha ya ukurasa wa muhtasari niliipata jana jioni. Inasomeka, ila kidole kimeziba mwisho wa lengo la (d). Nimeona "kueleza matumizi ya njia hizo katika maisha ya kila" na nimechukulia neno linalofuata ni "siku". Hakikisha kwenye nakala yako kabla ya kumpelekea mwalimu wa taaluma asaini.

Ukurasa una malengo manne kwa vipindi sita. Ukiyabeba yote kwa siku moja utakuwa unasoma orodha, watoto wananakili. Nimechukua lengo la (c) peke yake, la kutenganisha kwa kuchuja na kuvukiza, kwa kuwa umeniambia (a) umeshalimaliza na (b) umelifanya Ijumaa. Lengo la (d) limeguswa mwishoni tu.

Somo: Sayansi. Darasa: la Tano. Siku: Jumanne, kipindi cha 3, saa 3:20 hadi 4:00 asubuhi. Waliosajiliwa: 56 (wasichana 29, wavulana 27). Waliohudhuria waandike ukishaita majina.

Mada ndogo: Kutenganisha michanganyiko.

Lengo mahususi: Kufikia mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kutenganisha mchanga na maji ya chumvi kwa kuchuja, na kueleza kwa nini kuchuja hakuondoi chumvi lakini kuvukiza kunaibakiza.

Zana: Chupa 8 za maji za nusu lita zilizokatwa katikati (sehemu ya juu ikigeuzwa ni faneli, ya chini ni chombo cha kupokelea); vipande 8 vya marikani nyeupe vilivyofuliwa; chumvi ya mezani; mchanga uliooshwa; maji; vijiko; jiko la mkaa; kikaango cheusi kisicho na mafuta; sahani moja pana. Kikaango kiwe cheusi kwa makusudi, maana chumvi nyeupe juu ya sufuria inayong'aa haionekani kutoka dawati la nyuma.

Kabla ya kipindi: Washa jiko saa 3:00, nje ya mlango, upande ambao upepo hauingizi moshi darasani. Osha mchanga mpaka maji yatoke meupe, la sivyo kilichochujwa kitakuwa na tope na watoto watabishana kuhusu tope badala ya chumvi.

Utangulizi (dakika 5)

Onyesha glasi ya maji, tia kijiko cha chumvi, koroga mpaka isionekane. Uliza: "Chumvi iko wapi?" Wengi watasema imeisha, au imeyeyuka. Hapo simama kidogo. Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani barafu inayeyuka na chumvi nayo inayeyuka, lakini si jambo moja: barafu imegeuka maji kwa joto, chumvi imesambaa ndani ya maji na bado ni chumvi. Wape neno *kumumunyika*, na uliunganishe na pipi wanayoimumunya mdomoni. Wataelewa mara moja.

Kisha piga kura kwa mikono: "Tukimimina maji haya kwenye kitambaa, chumvi itabaki kitambaani au itapita?" Andika idadi ubaoni, kila upande. Usiseme nani amepatia.

Maarifa mapya (dakika 18)

Makundi 8 ya wanafunzi 7. Kila kundi litie vijiko 2 vya chai vya chumvi na vijiko 3 vya mchanga kwenye maji ya glasi moja, wakoroge dakika mbili kwa zamu. Wakunje marikani mara mbili, waitandike ndani ya faneli, wamimine polepole. Maji ya kwanza yakitoka na ukungu, wayapitishe tena kwenye kitambaa kilekile. Kazi hii itakula dakika 8 hivi, usiwaharakishe, ila pita kwenye makundi ukiuliza swali moja tu: "Nini kimebaki, nini kimepita?"

Wanafunzi waandike walichokiona kwenye kitambaa na kwenye chombo cha chini. Maji ya chini yatakuwa meupe safi. Wapo watakaosema yamekuwa maji ya kunywa. Waache waseme, lakini asionje mtu. Hii ni kanuni ya maabara hata pale maabara yenyewe ni chini ya mwembe.

Sasa wasogee mlangoni, umbali wa hatua tatu kutoka jikoni, wafupi mbele. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha maji yaliyochujwa na kundi lolote, mimina kwenye kikaango cha moto. Kisizidi kijiko kimoja: glasi nzima itachemka mpaka kengele ilie. Maji yatachemka, mvuke utapanda, na pembeni pataanza kuonekana utando mweupe. Karibu na kukauka chumvi itaanza kurukaruka na kulia; hapo epua haraka, kwa sababu chembe zinaruka hadi machoni. Jiko ulishike wewe, si mwanafunzi, hata yule hodari.

Rudi kwenye kura ya ubaoni. Acha upande ulioshinda useme kwa nini, kisha upande mwingine.

Kuimarisha maarifa (dakika 9)

Waulize nani amewahi kufika kwenye mashamba ya chumvi huku kwetu Bagamoyo. Hakosekani mmoja ambaye mjomba wake anafanya kazi huko. Mpe nafasi asimulie. Kisha eleza: lita moja ya maji ya bahari ina chumvi takribani gramu 35. Maji huingizwa kwenye vidimbwi vifupi vya kwenda chini lakini vipana, jua na upepo vinavukiza maji, chumvi inabaki chini na kukwanguliwa. Uvinza, mkoani Kigoma, hakuna bahari, lakini kuna chemchemi za maji ya chumvi, na kwa karne nyingi watu waliyachemsha kwenye vyungu. Kazi ni ileile ya kikaango chetu. Tofauti ni chanzo cha joto.

Makundi yajadili: kwa nini kidimbwi cha chumvi kinafanywa kipana badala ya kirefu cha kwenda chini? Jibu unalolitafuta: eneo kubwa la juu linawahisha uvukizaji. Makundi mawili yatoe jibu. Yote manane hayatatosha muda.

Tafakari (dakika 3)

Mmoja mmoja, kwa mdomo: "Mwanzoni nilidhani… sasa naona…" Chagua wanne, wawili kati yao kutoka upande ulioshindwa kwenye kura.

Hitimisho na zoezi (dakika 5)

Wajibu daftarini:

1. Mchanga ulibaki kitambaani, chumvi ikapita. Kwa nini?
2. Mama amemwaga mchele kwenye mchanga mkavu. Je, atauvukiza? Taja njia inayofaa.

Majibu: (1) Chembe za mchanga ni kubwa kuliko matundu ya kitambaa, chumvi imemumunyika na kupita pamoja na maji. (2) Hapana, atachekecha kwa chekecheo ambalo mchanga unapita na mchele unabaki. Anayejibu kupepeta mpe nusu, maana upepo hupeperusha makapi, mchanga ni mzito.

Maji yaliyobaki yamimine kidogo tu kwenye sahani pana, iache juani dirishani. Kesho watakuta chembe za chumvi kubwa kuliko za kikaangoni, na kipindi cha 4 kitaanzia hapo. Mvua ikinyesha, ingiza sahani ndani na uwaambie watasubiri siku mbili.

Tathmini: Wakifika 40 au zaidi waliopata swali la 1, endelea na lengo la (d). Wakipungua, rudia kikaango dakika tano za mwanzo, safari hii kwa maji yasiyo na chumvi, walinganishe kinachobaki.