Hotuba ya Mwenyekiti wa Tawi kwa Menejimenti Kuhusu Mifumo ya Kiotomatiki katika Kituo cha Huduma kwa Wateja, Dar es Salaam

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, Meneja Rasilimali Watu, wajumbe wa menejimenti na wafanyakazi wenzangu,

Tumepata taarifa kwamba kampuni inakaribia kusaini mkataba na mzabuni wa mifumo miwili: mmoja utapokea simu za wateja kabla hazijatufikia, na mwingine utapanga zamu na kumpa kila mhudumu alama kwa kila simu anayoipokea. Taarifa hiyo tuliisikia kwa mafundi waliokuja kupima nyaya, jambo ambalo kwa kweli halikutupendeza.

Chama chetu cha wafanyakazi hakipingi mashine. Tunachoomba ni kushirikishwa kabla ya mkataba kusainiwa, kwa sababu baada ya hapo mazungumzo hugeuka kuwa matangazo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inayahesabu mahitaji ya kiteknolojia miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya mwajiri apunguze wafanyakazi. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe notisi mara tu anapofikiria hatua hiyo, atoe taarifa zote zinazohusika, na ajadiliane na wafanyakazi kuhusu sababu zake, njia za kuiepuka, namna ya kuwachagua watakaoondoka, muda na malipo. Mtatujibu kwamba hakuna anayepunguzwa. Tunalipokea jibu hilo, lakini kazi hubadilika mapema kabla ya barua ya kuachishwa kuandikwa.

Chukueni mfano wa alama. Mfumo utapima urefu wa simu na muda wa ukimya. Mhudumu anayemsubiri mzee atafute miwani ili asome namba ya kumbukumbu ya muamala ataonekana mzembe, ilhali anayemkatisha mteja ataonekana hodari. Vilevile, mfumo ukishachukua simu nyepesi za kuulizia salio, kwetu zitabaki za wateja waliokwisha kukasirika. Hizo ni ndefu na zinachosha zaidi, nasi tutapimwa kwa viwango vilevile vya zamani. Wanaoyajua haya ni wale wanaovaa vipokea sauti kila siku, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Kwa hiyo tunaomba usainishaji usitishwe hadi kamati ya pamoja ya menejimenti na chama ikutane, na kamati hiyo ipatiwe maelezo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ya taarifa zitakazokusanywa, nani ataziona na alama zitatumika wapi. Tunaomba pia mkataba wetu wa hali bora uongezewe kipengele kwamba hakuna mfanyakazi atakayeadhibiwa kwa alama ya mfumo pekee bila kusikilizwa na msimamizi wake, na kwamba mafunzo ya kazi mpya yatatolewa ndani ya saa za kazi zinazolipwa.

Chama kiko tayari kukutana wiki ijayo, siku yoyote mtakayopanga. Tungependa kupata jibu kwa maandishi ifikapo Ijumaa.