Mwaliko wa Chakula cha Jioni: Jubilei ya Miaka 25 ya Kampuni, 2001–2026

Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mtendaji na wafanyakazi wote wa karakana yetu ya boti, Igogo, Mwanza, wana heshima na furaha kubwa kukualika wewe pamoja na mwenzi wako katika chakula cha jioni cha kuadhimisha miaka 25 ya kampuni.

Siku: Jumamosi, 3 Oktoba 2026
Mahali: Uwanja wa karakana, kando ya chelezo, Igogo
Kuwasili: saa 11:00 hadi 11:45 jioni
Kuanza: saa 12:00 jioni kamili
Kumalizika: saa 4:00 usiku

Ndugu mwalikwa, sisi tumejengwa na watu waliotukabidhi mbao, fedha na maisha yao ya majini. Ndiyo maana tumeamua kukutana hapa karakanani badala ya kukodi ukumbi. Boti ya kwanza tuliyoijenga mwaka 2001 mwenyewe ameirudisha kwa ajili ya usiku huu, nayo itakuwa juu ya magogo karibu na lango. Ipitie kabla ya kuketi. Ukiinama ubavuni utaiona pamba iliyokazwa kwenye maungio ya mbao, na alama za patasi bado zinasomeka.

Mgeni rasmi ni fundi wetu mstaafu aliyeupigilia ubao wa kwanza wa boti hiyo. Tuliona hakuna anayestahili zaidi.

MAVAZI

Mavazi ni rasmi ya jioni. Kwa wanaume: suti na tai, au kanzu na koti. Kwa wanawake: gauni refu, au kitenge kilichoshonwa kwa hafla. Mavazi ya asili ya kwenu yanakaribishwa kwa mikono miwili. Jinzi, kaptula, fulana na kandambili, tunaomba ziachwe nyumbani.

Sehemu ya uwanja ni changarawe, kwa hiyo akina mama na akina dada wavae viatu vyenye kisigino kipana au kifupi. Upepo wa ziwa huwa na baridi giza likiingia. Mtandio au koti jepesi litafaa. Turubai litakuwepo endapo mvua za vuli zitawahi.

RATIBA

11:00 jioni – Kupokea wageni. Juisi, kahawa na karanga. Kutazama boti ya kwanza.

12:00 jioni – Wimbo wa Taifa. Sala fupi kutoka kwa shehe na mchungaji. Dakika moja ya ukimya kuwakumbuka waliopotea ziwani, wakiwemo wa MV Bukoba, 21 Mei 1996, na wa MV Nyerere, 20 Septemba 2018. Kila boti tunayoishusha majini tunaishusha tukiwakumbuka, na hatungependa mgeni yeyote aikose dakika hii kwa kuchelewa.

12:15 jioni – Neno la ukaribisho, Mwenyekiti wa Bodi.

12:35 jioni – Mapumziko. Jua linazama muda huu; chumba cha swala ya Magharibi na maji ya udhu vipo upande wa stoo.

1:00 usiku – Chakula: sato wa kuchoma, sangara wa nazi, dagaa, kuku wa kienyeji, pilau, ugali, ndizi na mboga za majani, na michembe kwa wanaoijua raha yake. Nyama yote imechinjwa kihalali.

2:00 usiku – Ngoma ya Bugobogobo.

2:30 usiku – Hotuba ya Mkurugenzi Mtendaji, kisha mgeni rasmi. Tuzo kwa mafundi waliotumikia tangu 2001.

3:15 usiku – Kukata keki, shukrani na muziki.

4:00 usiku – Kufunga.

USAFIRI NA MAJIBU

Basi la kampuni litaondoka Sengerema saa 9:00 alasiri na kurudi baada ya hafla. Kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko. Wageni wa Ukerewe tumewaandalia malazi ya usiku huo hapa mjini. Wenye magari waingie lango la pili. Walinzi watakuwepo mpaka gari la mwisho litoke.

Kadi hii ni ya watu wawili, tafadhali uje nayo mlangoni. Kwa heshima tunaomba watoto wabaki nyumbani, maana chelezo liko wazi na giza litakuwa limeingia.

Tafadhali jaza kadi ya majibu iliyomo ndani ya bahasha, ukieleza kama utahudhuria, kama utahitaji basi au malazi, na kama kuna chakula usichokula. Mkabidhi aliyekuletea mwaliko huu au ifikishe kwa Katibu Muhtasi, ofisini Igogo, kabla ya Ijumaa, 18 Septemba 2026.

Karibu sana.

Mkurugenzi Mtendaji
Kwa niaba ya Bodi na wafanyakazi