YAH: RUFAA DHIDI YA MATOKEO YA UHASIBU WA GHARAMA, MTIHANI WA TAREHE 17 JUNI 2025

Mtahiniwa Na. DA/2023/0147,
Stashahada ya Uhasibu, Mwaka wa Pili,
Morogoro.
14 Julai 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Rufaa za Mitihani.

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Matokeo yaliyobandikwa tarehe 8 Julai yananionyesha nimefeli kwa asilimia 47, wakati alama ya kufaulu ni 50. Ninayakatia rufaa kwa sababu kompyuta namba 14 niliyopangiwa ilizima mara mbili katikati ya mtihani, na dakika 34 zilizopotea hazikurudishwa.

Mtihani ulikuwa wa maswali 60 kwa dakika 120, kupitia Moodle, kuanzia saa 3:00 asubuhi. Saa 3:52, nikiwa nimejibu maswali 31, mashine ilizima ghafla. Umeme haukukatika, kwani kompyuta nyingine za mstari ule ziliendelea kuwaka. Msimamizi aliiwasha, ikakagua diski, nikaweza kuingia tena kwenye mtihani saa 4:09. Nilijibu maswali saba, ikazima tena saa 4:21. Safari hii haikuwaka kabisa. Nilihamishiwa kompyuta ya akiba, ambayo ilikuwa bado haijaunganishwa na mtandao, nikaanza kujibu saa 4:38. Saa 5:00 kamili mfumo ulikusanya kazi yangu wenyewe, maswali 52 hadi 60 yakiwa matupu.

Naomba Kamati itenganishe mambo mawili. Majibu yangu hayakupotea: Moodle huyahifadhi kwenye seva, na nilipoingia tena niliyakuta yote. Kwa hilo sina malalamiko. Kilichopotea ni muda. Saa ya mtihani huhesabiwa na seva, si na kompyuta ya mtahiniwa, hivyo huendelea kwenda hata mashine ikiwa imezima. Niliporudi saa 4:09 skrini ilionyesha zimebaki dakika 51, wakati mashine ilipozima zilikuwa 68. Mfumo unaruhusu kumwongezea mtahiniwa mmoja muda kupitia `User overrides`, lakini msimamizi wa chumba hana ruhusa ya kuingia huko, na mtu wa TEHAMA mwenye ruhusa hiyo hakuwepo maabara.

Kwa hiyo nilifanya mtihani kwa dakika 86 badala ya 120. Katika dakika hizo nilijibu maswali 51, wastani wa dakika 1.7 kwa swali. Maswali tisa yaliyobaki yangehitaji kama dakika 15, chini ya nusu ya muda uliopotea. Nilipoonyeshwa karatasi yangu tarehe 10 Julai, niliona nimepata 20 kati ya 31 ya mwanzo, na 8 tu kati ya 20 yaliyofuata. Jumla ni 28. Kufaulu kulihitaji 30.

Ushahidi upo, na mwingi uko mikononi mwa chuo. Fomu ya taarifa ya tukio niliijaza na msimamizi akaisaini kabla sijatoka chumbani, nakala nimeambatanisha. Daftari la matengenezo la maabara linaonyesha kompyuta namba 14 ilibadilishwa pawa saplai tarehe 18 Juni. Kumbukumbu za Moodle zitaonyesha mapengo mawili ya dakika 17 kwenye akaunti yangu (seva hutumia saa 24, hivyo saa 3:52 yangu ni 09:52 yake). Ndani ya kompyuta yenyewe, `Event Viewer`, sehemu ya `System`, itafutwe `Kernel-Power` namba `41` na `EventLog` namba `6008`. Hizo huandikwa Windows inapowaka baada ya kuzima bila utaratibu, na ya pili hutaja muda wa kuzima. Naomba zinakiliwe mapema: kumbukumbu hizo zikijaa, mpya hufuta za zamani, na mashine ikipigwa Windows upya hupotea zote.

Siombi kuongezewa alama, wala sidai kwamba maswali tisa ningeyapata yote. Naomba matokeo haya yafutwe na nifanye mtihani maalumu unaohesabiwa kuwa wa kwanza. Mtihani wa marudio hautanitendea haki, maana kwa kanuni zetu daraja lake halizidi C na hulipiwa ada, adhabu ambazo ni za aliyefeli kwa uwezo wake. Kwa kuwa usajili wa marudio unafungwa tarehe 1 Agosti, naomba uamuzi kabla ya siku hiyo, au nisajiliwe kwa muda bila ada hadi rufaa iamuliwe.

Niko tayari kuitwa mbele ya Kamati siku yoyote.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
Mtahiniwa Na. DA/2023/0147

Viambatanisho: nakala ya fomu ya taarifa ya tukio, nakala ya ukurasa wa daftari la matengenezo, stakabadhi ya ada ya rufaa.

Nakala: Mkuu wa Idara ya Uhasibu, Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA.