Maelezo ya picha namba 47: umati, kibanda kinachoungua na mapambano ya migomba, Makunduchi

Picha hii ya rangi, yenye upana wa sentimita 13 na kimo cha sentimita 9 pamoja na ukingo wake mweupe, imetoka katika albamu iliyokabidhiwa na familia moja ya Unguja ili ihifadhiwe. Chini yake, kwenye ukurasa wa albamu, yameandikwa kwa wino wa bluu maneno mawili tu: "Mwaka, Makunduchi". Mahali na tukio vimetajwa hapa kwa kutegemea maneno hayo, na kwa kuwa yanayoonekana yanalingana na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayofanyika kila Julai katika kijiji hicho cha kusini mwa Unguja. Palipotumika ujuzi wa mila badala ya picha yenyewe, imeelezwa hivyo.

Picha haiko wazi, na ukungu wake ni wa aina mbili. Kwanza, shina la mnazi lililo kushoto kwa mtazamaji, ambalo bila shaka halikuwa likitembea, lina kingo mbili zilizoachana kwa karibu nusu milimita, jambo linaloonyesha kwamba kamera ilitikisika kwenda kando wakati wa kupiga. Pili, mikono na miguu ya watu walio katikati imevutika zaidi ya hapo, na kila mmoja kwa upande wake, kwa hiyo wao walikuwa katika mwendo wa kasi. Tofauti hiyo ndiyo iliyotumika kuamua nani amesimama na nani anakwenda. Mtu ambaye ukungu wake unalingana na wa mnazi amehesabiwa kuwa amesimama.

Mandhari ni uwanja wa wazi wenye udongo mkavu na majani mafupi, uliozungukwa na minazi upande wa nyuma. Hakuna jengo la mawe, jukwaa, bendera wala kibao chenye maandishi kinachosomeka. Upande wa kulia, nyuma kidogo ya katikati, kipo kibanda kidogo cha makuti kisichozidi kimo cha mtu mzima. Moto umeshika kona ya juu ya paa lake, na moshi mzito unaelekea kulia kwa mtazamaji, ukificha sehemu ya minazi. Mlango wa kibanda hauonekani, wala hakuna mtu anayeonekana ndani yake au akitoka. Mwelekeo wa moshi umeandikwa kwa makusudi, kwa sababu kwa mila ya Makunduchi moshi huo huangaliwa unakoelekea, na msomaji anayeifahamu mila atataka kujua.

Vivuli vya watu vinaanguka kuelekea kwenye kamera, na urefu wake unakaribia kimo cha wenye vivuli. Ikiwa ni Julai, ambapo jua la Zanzibar hupita upande wa kaskazini, basi saa ilikuwa ama karibu na saa nne asubuhi, mpiga picha akiwa kusini-magharibi mwa umati, au karibu na saa tisa alasiri, akiwa kusini-mashariki mwake. Kivuli peke yake hakiwezi kuchagua kati ya nyakati hizo mbili. Jua kuwa nyuma ya watu ni sababu nyingine ya nyuso za waliogeukia kamera kuwa giza tupu.

Ndani ya fremu kuna watu kati ya 150 na 200. Vichwa 96 vinatenganika vizuri kiasi cha kuhesabiwa kimoja kimoja. Waliobaki wamo katika ukanda mweusi ulio chini ya minazi, wenye urefu wa sentimita 5, ambamo kichwa kimoja kina upana wa kama milimita moja. Safu moja ya mbele peke yake ingekuwa na watu wapatao 50, na kama nyuma yao imo safu ya pili, wangefika 100. Umati umekatwa na ukingo wa picha pande zote mbili, kwa hiyo idadi hii ni ya waliomo kwenye picha na isinukuliwe kuwa ya waliohudhuria.

Katikati, makundi mawili ya wanaume yanatazamana, yakiwa yameacha nafasi tupu baina yao. Wanaume 11 wameingia katika nafasi hiyo. Saba kati yao wameshika vitu vinene vya rangi hafifu, virefu kama mkono wa mtu, na viwili vya vitu hivyo vimepinda kwenye ncha, jambo ambalo fimbo ya mti isingelifanya. Kwa hiyo vimeelezwa kuwa vipande vya mashina ya migomba. Kipande kimoja kiko hewani, kikionekana kama mstari mweupe wa sentimita moja juu ya vichwa. Mwanaume mmoja ameinama, mgongo wake ukielekea kamera, na mkono wake wa kushoto umefunika kisogo. Hatua chache kutoka kwake, watu wawili wamemshika wa tatu mikono. Huenda wanamwinua, wanamzuia au wanamvuta, na picha haisemi ni lipi. Maelezo haya nayo yanaishia hapo.

Kwa mila, wanaume wa pande mbili za kijiji hupambana hivi ili kuumaliza mwaka bila kinyongo, na ujuzi huo unamsaidia msomaji. Hata hivyo, hakuna uso hata mmoja unaoonyesha hali ya mwenyewe. Maneno kama ugomvi, hasira, furaha au mchezo hayakutumika kwa mtu yeyote aliyemo, kwa kuwa kuyaandika kungekuwa kumwekea mtu moyoni jambo ambalo kamera haikulinasa.

Upande wa kulia, mbele ya moshi, wanawake wapatao 20 wako katika mstari uliopinda. Wengi wameinama mbele kidogo na kuinua mguu mmoja, na ukungu wa miguu yao unaelekea upande mmoja, kwa hiyo wanakwenda pamoja. Mila inasema wanawake huimba wakati wa mapambano, lakini midomo haionekani, na kuimba hakukuandikwa kama jambo linaloonekana. Watoto watano wamesimama karibu kabisa na kamera. Mmoja, aliye mdogo kuliko wote, ndiye pekee katika mstari wa mbele aliyeupa uwanja mgongo na kuitazama kamera.

Rangi za nguo zisitegemewe. Karatasi ya picha imegeuka nyekundu kwa uzee, kama inavyotokea kwa picha nyingi za rangi ambazo rangi yake ya samawati imepauka, hivyo kanga inayoonekana nyekundu leo huenda ilikuwa ya zambarau au hata ya kahawia. Kilicho dhahiri ni kwamba wanawake wanane wa mwanzo wa mstari wamevaa nguo za weusi na weupe unaolingana, yaani huenda ni sare.

Nyuma ya picha yameandikwa kwa penseli majina matatu, bila mshale wala maelezo ya nani yuko wapi. Majina hayo hayakuingizwa hapa. Hakuna sura inayotambulika kiasi cha kuunganishwa na jina, na kumtaja mtu katika tukio la kupigana, kisha akawa siye, ni kumdhulumu yeye na jamaa zake. Yamenakiliwa katika jalada la makabidhiano, linalosomwa kwa ruhusa ya familia. Wazee wa Makunduchi watakapooneshwa picha hii, watakayoyasema yaandikwe kando kama ushuhuda wao, pamoja na tarehe ya mazungumzo, na maelezo haya yaachwe kama yalivyo.