Barua ya kuomba msaada wa ziada wa masomo ya sayansi kwa Rehema, Kidato cha Pili B

Kihonda, Morogoro
14 Julai 2025

Mkuu wa Shule
(Kwa mkono wa mwanafunzi. Nakala kwa Mwalimu wa Taaluma na Mwalimu wa Darasa, Kidato cha Pili B)

YAH: OMBI LA MSAADA WA ZIADA WA FIZIKIA NA KEMIA KWA REHEMA SALUM, KIDATO CHA PILI B

Mheshimiwa Mkuu wa Shule,

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni baba mzazi wa Rehema, fundi pikipiki hapa Msamvu. Tulionana mara moja kwenye kikao cha wazazi cha mwezi wa tatu, ingawa siku ile watu walikuwa wengi na sikupata nafasi ya kuzungumza.

Ripoti ya muhula wa kwanza haikunifikia siku shule ilipofungwa. Niliikuta wiki mbili baadaye, mama yake alipokuwa anatandika kitanda, imekunjwa chini ya godoro. Fizikia 19, Kemia 22, Baiolojia 38, Hisabati 35. Kwenye ripoti hiyohiyo Kiswahili ana 78 na Historia 61. Nilipomwita, nilitegemea atalia au atajitetea. Alisema tu, "Baba, sayansi haiko kichwani mwangu. Wenzangu wanasema mimi ni wa masomo ya sanaa." Aliyasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuamua, na hapo ndipo nilipoogopa. Matokeo mabaya nimewahi kuyaona. Kukata tamaa kwa mtoto wa miaka 15 sikuwahi kukuona nyumbani kwangu.

Naomba unisikilize kwa nini siamini maneno hayo.

Siku za Jumamosi Rehema huja gereji. Mwezi wa tano tulikuwa na pikipiki ambayo nati ya ekseli ya nyuma ilikuwa imekamata kutu, kijana wangu wa kazi amening'inia kwenye spana mpaka jasho linamtoka. Rehema akaenda kuokota kipande cha bomba, akakivisha kwenye mpini wa spana, akashika mwishoni kabisa na kusukuma. Nati ikaachia. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akajibu, "Hakuna. Ukishika mbali na nati, nguvu ndogo inatosha." Ndiye pia huniungia taa za indiketa, na anajua kwa nini zinaungwa kila moja na njia yake, ili moja ikiungua nyingine iendelee kuwaka. Darasa la saba alipata B ya Sayansi na Teknolojia. Wenzo, egemeo, mzigo na jitihada vyote alivijua huko, kwa Kiswahili.

Sasa nikachukua karatasi yake ya jaribio la Fizikia. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, sikuweza kuisoma, kwa hiyo nikamwomba kijana wa jirani anayesoma Kidato cha Tano aje tukae naye jioni. Swali moja Rehema alikuwa ameliacha tupu kabisa. Yule kijana akalisoma kimoyomoyo, kisha akamuuliza kwa Kiswahili: ubao umeegemea katikati, upande mmoja umebeba mzigo wa nyutoni 20 umbali wa mita 3 kutoka kwenye egemeo; upande wa pili tuweke mzigo gani umbali wa mita 2 ili ubao ulale sawa? Rehema hakuchukua hata kalamu. Alisema, "Thelathini." Ndiyo jibu. Alama 5 zilipotea kwa sababu hakuelewa anaulizwa nini.

Lakini sitaki kukudanganya, Mkuu, kwamba tatizo ni lugha peke yake. Swali lililofuata lilikuwa la jiwe lenye tungamo la gramu 50 na ujazo wa sentimita za ujazo 20, itafutwe densiti. Hilo hata baada ya kutafsiriwa hakuliweza. Alizidisha, akapata 1000, na alipoulizwa 1000 ya nini hakuwa na jibu. Kwenye Kemia ni vilevile. Alama ya sodiamu ameandika S na ya chuma ameandika I, kwa kufuata herufi za mwanzo. Yule kijana alipomwambia ni Na na Fe, akauliza, "Kwa nini?" kwa namna ambayo mtu anauliza jambo kwa mara ya kwanza. Mtoto ambaye hajui alama za elementi hawezi kuandika fomula, na asiyejua fomula hana pa kushika kwenye karibu yote yanayofundishwa Kemia mwaka huu.

Tulipohesabu nyuma tukaona mwanzo wake. Kidato cha Kwanza kilifunguliwa tarehe 8 Januari 2024. Rehema aliripoti tarehe 26 Februari. Mama yake alikuwa amelazwa na kulikuwa na mdogo wake wa miaka 2 nyumbani, nami nikamwacha Rehema amwangalie. Uamuzi ulikuwa wangu. Wakati ule niliona ni wiki chache tu, atazifidia. Kumbe zilikuwa zile wiki za mwanzo ambazo wenzake walikuwa wanafundishwa Kiingereza cha kuwavusha kutoka Kiswahili cha shule ya msingi. Alipofika, daraja lilikwisha kuvukwa. Akaanza kunakili ubaoni maneno asiyoyajua, na kila mada mpya ikajengwa juu ya ile ambayo hakuielewa. Daftari zake ni safi na zimejaa. Nadhani ndiyo maana hakuna aliyegundua mapema, hata mimi.

Kwa hiyo ninaloomba si kwamba aongezewe kazi za Kidato cha Pili. Akipewa maswali mengi zaidi ya mada za sasa ataendelea kuyanakili vizuri na kuyakosa vilevile. Ninaomba arudishwe kwenye msingi wa Kidato cha Kwanza kwa wiki kadhaa. Kwenye Fizikia ni vipimo na vizio vyake, tungamo, ujazo na densiti, kisha kani. Kwenye Kemia ni alama za elementi, tofauti ya elementi, kampaundi na michanganyiko, halafu valensi na jinsi ya kuandika fomula. Nimeandikiwa orodha hii na yule kijana. Walimu wake wanajua vizuri zaidi yetu na wanaweza kuibadilisha. Kabla ya hapo, kama inawezekana, mwalimu amkalishe hata dakika 20 amhoji kwa mdomo, kwa Kiswahili, ajue nini anakielewa na wapi kweli pana shimo. Karatasi ya mtihani haitenganishi mambo hayo mawili.

Vipindi viwili kwa wiki vingetutosha, kimoja Fizikia na kimoja Kemia, baada ya masomo. Rehema ni wa kutwa na nyumbani si mbali, anaweza kubaki mpaka saa kumi na nusu. Si lazima awe peke yake. Ananiambia wapo wenzake wanne au watano darasani wenye hali kama yake, na pengine akijiona na wengine aibu itapungua. Aibu ni jambo kubwa kwake. Hanyooshi mkono darasani kwa kuhofia kuchekwa Kiingereza chake, basi mwalimu naye hawezi kujua kwamba hakuelewa. Ningeshukuru sana kama kwenye vipindi hivyo ataruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili, kisha asaidiwe kulisema jambo lilelile kwa Kiingereza. Najua mtihani ni wa Kiingereza na hautabadilika kwa ajili yake. Tumeshamnunulia daftari dogo, upande mmoja anaandika neno la Kiingereza, wa pili maana yake kwa Kiswahili na mchoro. Naomba mwalimu alipitie mara kwa mara, maana hapa nyumbani hatuna wa kulisahihisha.

Kuna la maabara pia. Kundi lake lina wanafunzi 12 kwenye meza moja, na kwa tabia yake ya kusita hukaa nyuma, akaondoka bila kugusa kifaa. Sitoi lawama; najua wanafunzi ni wengi na vifaa havitoshi. Ila huyu ni mtoto anayeelewa kwa mikono. Mwalimu akimwita mbele apime hata mara moja kwa wiki, naamini itamsaidia kuliko kurasa kumi za kunakili.

Kwa upande wetu, kuanzia wiki hii hatafanya kazi yoyote siku za shule kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa mbili na nusu usiku. Kupika na kuosha vyombo tumegawana sisi wengine. Kijana wa jirani amekubali kukaa naye Jumapili mchana. Fotokopi za maswali nitazilipia. Pia ninazo balbu ndogo, nyaya, swichi na mita moja ya kupimia volti ambayo siitumii, pamoja na fedha ya kununulia betri kavu. Navitoa kwa shule, ili mada ya umeme ifundishwe kwa vitendo kwa darasa zima. Mwalimu akiona vinafaa, nitavileta siku yoyote.

Upimaji wa Kidato cha Pili ni mwezi wa kumi na moja. Tuna miezi mitatu na kitu. Sitegemei apate A. Alama ya kufaulu ni 30, na kutoka 19 kufika hapo au kupita kidogo si safari ya ajabu kwa mtoto anayejua kulisawazisha ubao kichwani. Ninachoogopa zaidi ni Kidato cha Tatu, wakati wa kuchagua masomo. Fizikia na Kemia akiziacha pale, ataziacha kabisa. Tangu akiwa darasa la tano anasema anataka kusomea umeme wa magari, na kila tukipita mbele ya VETA hapa Kihonda huniuliza wanafundisha nini humo ndani. Siku hizi hajaniuliza tena.

Naomba pia nipewe taarifa fupi kila mwisho wa mwezi, hata mistari miwili kwenye daftari lake, nijue kama anasogea. Kama hasogei niambiwe mapema ili tutafute njia nyingine pamoja.

Alhamisi tarehe 17 nitakuja shuleni saa nne asubuhi, muda wa mapumziko, nionane nawe au na Mwalimu wa Taaluma kwa nafasi mtakayokuwa nayo. Kama siku hiyo haifai, namba yangu ni ileile iliyo kwenye fomu ya kujiunga. Nipigie, nitafunga gereji nije siku nyingine.

Rehema anajua kwamba nimeandika barua hii. Nimemsomea yote kabla ya kuifunga, na yeye ndiye aliyeniambia niongeze lile la wenzake wanne au watano.

Wako katika malezi ya mtoto,

Salum Athumani
Mzazi wa Rehema Salum, Kidato cha Pili B